Siku ya Kuanua Tanga

Mume wa binti yangu alifariki mwishoni mwa mwaka, tukamzika kwao, juu milimani. Nyumba waliyokuwa wakiishi iko Bigwa, na humo ndimo binti yangu alimobaki na kaniki yake ya msiba. Kwa ukoo wa mumewe, mjane halali nje ya nyumba ya marehemu mpaka ukoo ushuke, umwogeshe, uanue tanga. Mchana anaruhusiwa kwenda sokoni au zahanati. Jua likizama awe ndani. Akilala kwingine, watasema alichoka kumlilia mumewe, na ugonjwa wowote utakaowapata watoto utatajwa kwa jina lake.

Mimi sikuipinga mila hiyo. Na mimi niliikalia nilipofiwa. Lakini ya kwangu iliisha upesi, maana siku zile watu waliitwa tu, wakaja.

Mwezi wa kwanza binti yangu akanishika mkono, akaupeleka kwenye titi lake. Kulikuwa na kitu kigumu kama kokwa. Nikampeleka hospitali ya hapa mjini siku hiyo hiyo. Walimpima, wakamwandikia rufaa ya Dar es Salaam, wakasema huko atakaa wiki kadhaa na asichelewe. Akaikunja ile karatasi. Njiani akaniambia, "Nitakwenda wakishaniogesha, mama. Siendi kama mwizi."

Basi nikaenda kwa mjomba wa marehemu. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno, baba hasemi kitu. Huyu ni mzee mstaafu, anaishi Mikese, mpole, anapenda kila jambo liende kwa utaratibu. Nikamweleza ugonjwa bila kuficha. Alisikitika kweli, akaitisha kikao.

Kikao kilikuja na kalenda ya ukutani, ile ya kugawiwa dukani. Ukoo wao ni mchanganyiko, nusu msikitini, nusu kanisani, na wengine ni vibarua wa mashamba ya miwa wasiopata ruhusa ovyo. Mwezi wa pili ukakataliwa, kwani mwaka huo Ramadhani na Kwaresima zilianza wiki moja. Kuanua tanga kwao ni ngoma na pombe na ng'ombe, huwezi kumwita mtu aliyefunga aje kutazama wenzake wakila. Nikasema basi iwe kabla, wiki hii au ijayo. Wakasema Januari watu wamemalizwa na ada za shule, na wa milimani hawajapata taarifa.

Baada ya Idd ilikuja Pasaka. Baada ya Pasaka masika yakakolea, barabara ya juu ikakatika, wazee wasingeweza kushuka. Kisha Muungano, kisha Mei Mosi, na wa mashamba ya miwa wanatakiwa kuandamana. Mei nzima mjukuu wangu, binti wa marehemu, alikuwa kwenye mtihani wa kidato cha sita pale shule ya Kilakala. Hapo hata mimi nilikubali. Mtoto aliyefiwa na baba asitolewe kwenye mtihani kuja kupigiwa ngoma. Yeye mwenyewe alilia kwenye simu, "Bibi, mngefanya tu bila mimi." Mjomba akasema haiwezekani, damu yake lazima iwepo.

Ikapatikana Jumamosi mwanzoni mwa Juni. Idd ya pili imepita, mtihani umekwisha, mvua imekatika. Mjomba alifurahi kama mtu aliyepata kiwanja. Turubai likalipiwa, mapipa ya pombe yakawekwa. Walikuwa wamemuuliza shehe, wamemuuliza mwalimu wa mtoto, wameangalia sikukuu zote za serikali. Hakuna aliyeuliza parokia ya kule kwao juu. Zikiwa zimebaki siku chache, habari ikashuka kwamba askofu anakwenda kutoa kipaimara Jumamosi hiyo hiyo. Siku ya askofu haihamishwi. Watoto wa ukoo wanapakwa mafuta, nusu ya wazee ni wasimamizi wao, na mtani wa ukoo, mama mmoja mnene ambaye ndiye mwenye kazi ya kumwogesha mjane, alikuwa na wajukuu wawili kwenye foleni.

Nikapanda gari kwenda Mikese. Nilimkuta mjomba ana kalenda mapajani. Akaniambia Julai kuna Saba Saba, na mwezi huo huo ukoo mwingine wa huko juu una ngoma ya kuwatoa wali wao, mabinti waliovunja ungo, hawataki kugongana. Halafu Nane Nane. Mnajua maonyesho ya Nane Nane yalivyo hapa mjini. Gesti zinajaa, maturubai yote, sufuria zote, muziki wote uko viwanjani. Basi, akasema, iwe baada ya hapo.

Nikamwambia, "Mkwe, mwogesheni kwanza. Mtani na watu watatu wanatosha. Karamu mtafanya mtakapo."

Akasema, "Mkwe, kumwogesha mjane bila ukoo ni kumtorosha. Mimi nikifa nitamwambia nini mpwa wangu?"

"Na mimi nikimzika nitakuambia nini?"

Aliniletea chai. Sikuinywa.

Nikarudi Bigwa nikamwambia binti yangu avue kaniki, tuondoke asubuhi. Alikataa. Nilimfokea, nikamwita mjinga, akasema, "Wewe utakwenda kwako, mama. Watoto wangu watabaki kuwa wa baba yao." Mkono wa upande ule ulikuwa umeshaanza kuvimba.

Walianua tanga wiki ya pili baada ya Nane Nane. Siwezi kusema shughuli haikufana. Walikuja wote, wa milimani, wa Mikese, wa mashamba ya miwa. Hakuna aliyekosa, na mjomba alikuwa akipita kati ya watu akipeana mikono. Yule mtani alikuja amevaa suruali ya marehemu, akalala mlangoni, akakataa kupisha mtu mpaka apewe kuku. Akapiga kelele kwamba marehemu alikuwa mvivu tangu utoto, hata roho yake imekaa kwenye benchi miezi yote hii ikingoja kalenda, na mjomba ndiye karani wa peponi. Watu walicheka mpaka wakashika matumbo. Mjomba alicheka pia.

Ndani, alipomfungua kaniki ili amwogeshe, yule mtani aliliona titi. Utani ukamwisha. Alimwagia maji polepole, akilikwepa, na alipotoka nje hakusema tena neno la kuchekesha.

Kesho yake tulikwenda Dar. Daktari aliitazama tarehe ya rufaa, akauliza mlikuwa wapi. Binti yangu akasema tulikuwa na msiba. Walimpa mionzi ya kupunguza maumivu, na dawa za kunywa, na baada ya hapo wakaturudisha nyumbani.

Sasa analala chumba cha mbele kwangu, dirishani. Juzi aliniambia anataka kuwapikia ndugu wa mumewe, wale chakula chake, wakati bado anaweza kukaa kwenye kiti. Nikampigia mjomba. Nikamwambia ni Jumamosi hii.

"Jumamosi hii, mkwe?" akasema. "Kuna mahafali ya kidato cha nne, halafu huku Mikese kuna harusi. Tungeangalia ile inayofuata."

Nikamwambia sikumpigia kumuuliza.

Walikuja wanne, mjomba akiwemo, na yule mtani aliyetembea kutoka stendi na ndizi kichwani. Wali nilipika mimi. Binti yangu alikaa nao kidogo, akawauliza habari za juu, akamkaribisha mjomba nyama. Kisha akaomba tumlaze, nao wakaendelea kula.