Babu Aliyeanza Kubuni Akiwa na Miaka Hamsini

Mashine ya kukwangua mkonge haikuwa na adabu. Ilikula mkono wa mtu mbele yangu asubuhi moja, saa mbili hivi, chai bado iko tumboni. Nilisikia mlio kama muwa unavyovunjwa, halafu yule bwana akakaa chini, akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine. Damu ikapiga ukuta. Mimi nilitapika juu ya viatu vyangu, na vilikuwa vipya.

Hiyo ilikuwa kwenye shamba dogo la mkonge, njia ya kwenda Pangani. Mashamba makubwa yalikuwa na mashine zinazojilisha zenyewe. Sisi tulilisha kwa mkono. Kuna pipa la chuma linazunguka, limefungwa visu butu. Unaingiza nusu ya jani, visu vinakwangua nyama, unalivuta. Kisha unaligeuza, unashika zile nyuzi ulizokwisha kuzipata, singa tunaziita, unaingiza nusu iliyobaki. Sasa singa mbichi inateleza kama kambale. Ndiyo maana kila mtu alikuwa anajizungushia singa kwenye kiganja, mara mbili, ndipo avute. Ndivyo tulivyofundishwa na waliotutangulia. Jani likienda upande, pipa linavuta singa, singa inavuta mkono, basi.

Mwenye shamba alikuwa Mgiriki, shingo nene kama gogo. Siku ya tatu baada ya mkono ule kuliwa alituita karakana, mafundi wote, akiwa na gazeti la kwao.

"Imeandikwa hapa," akasema kwa Kiswahili chake cha kupigana, "watu wa hesabu, watu wa mashairi, watu wa sayansi, wote wamefanya kazi yao kubwa wakiwa vijana. Ukipita arobaini kichwa kinakauka. Mimi nataka kitu cha kuzuia mikono kuliwa, nataka kwa vijana." Akamnyooshea kidole babu mmoja pale kwenye jiliwa, kile chombo cha kubania chuma. "Wewe, mzee, Jumamosi unaondoka. Nyumba ya shamba unarudisha."

Babu huyo alikuwa na miaka hamsini na tisa, hana mke wala mtoto, na nyumba nyingine hakuwa nayo. Mimi nilikuwa na ishirini na moja. Nilifurahi, sisemi uongo.

"Shikamoo babu," nikamwambia tulipotoka. "Kichwa kimekauka? Nikuletee maji?"

"Marahaba. Niletee mdomo wako niushone."

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, nikaingia karakana nina miaka kumi na tatu. Jibu langu lilinijia palepale. Koleo la mbao. Mbao mbili, bawaba, misumari ndani kama meno ya mamba. Unabana singa, unashika koleo, mkono uko mbali. Nililimaliza siku moja nikiimba.

Babu akaligeuzageuza. "Likivutwa kwa nguvu linaachia?"

"Haliachii kamwe. Ndiyo raha yake."

"Ndiyo shida yake," akasema, akarudi kwenye tupa yake.

Tukalijaribu. Majani kumi yakapita vizuri, watu wakanishangilia. La kumi na moja likaenda upande. Pipa likanyakua koleo zima kutoka mikononi mwa mlishaji, likalipasua, na kipande chenye misumari kikaruka kikamchana mwenzetu shavu mpaka ukaona meno yake kwa pembeni. Jamaa zake walinipiga. Walinipiga vizuri, kwa zamu.

Kesho yake nikamkuta mlishaji mmoja, mtu mzima mtulivu, anafanya kazi na kitu kipya. Kijiti cha chuma laini, urefu wa shibiri, kina mpini wa mbao, kinene huku kwenye mpini na chembamba huko mwisho. Anazungushia singa kwenye chuma mara mbili, anavuta. Jani likaenda upande palepale nikiangalia. Singa zikateleza kwenye ncha nyembamba, zikaingia mashinani zenyewe. Yeye akabaki amesimama na mkono wake, akachukua jani jingine.

"Kanipa babu," akasema.

Nikakichukua, nikapitisha jani moja nikione. Ndipo Mgiriki akatokea mlangoni, akakiona mkononi mwangu, akaona kinavyofanya kazi, akanikumbatia mpaka mbavu zilizopigwa jana zikalia. "Si nilisema? Kijana! Tengeneza kumi na mbili."

Ningeweza kusema. Nilicheka tu.

Babu alinisubiri nyuma ya karakana. Alinipiga na mpini wa nyundo kwenye goti, nikaanguka, akanipiga mgongoni. "Sitaki sifa," akasema akihema. "Nataka nyumba yangu. Na wewe utaua mtu, maana hujui kwa nini kile kinafanya kazi."

Nikatengeneza kumi na viwili kwa macho tu, bila kupima, nikichechemea. Kwangu vilikuwa sawa na chake. Siku ya Ijumaa kimoja hakikuachia. Singa zilibana, chuma kikazunguka, mlishaji yule mtulivu akapoteza ncha za vidole viwili. Alinitazama bila kupiga kelele, akinionyesha vile vidole. Ningependa angepiga kelele.

Nikaenda ofisini na damu yake kwenye shati. "Si changu. Ni cha babu. Vyangu ndivyo vimekata vidole."

Mgiriki alinizaba kofi nikaona nyota. "Mzee hawezi kubuni."

"Basi nipige tena, kisha twende ukamuulize."

Alinipiga tena. Kisha tukaenda.

Babu alikuwa nyumbani anafunga mkeka wake. Mgiriki akamuuliza kwa nini vya kijana vinabana. Babu akaburuta gunia kutoka uvunguni, akalimwaga sakafuni. Vijiti vya chuma kumi na tisa.

"Navijaribu tangu nilipoona mkono wa kwanza ukiliwa. Hiki kilikuwa na mikwaruzo, kikashika mno. Hiki kimenyooka mno, kama vya kijana, hakikuachia. Hiki chembamba sana, kikaachia hata jani likienda vizuri. Hivi vinne niliviharibu kwa upumbavu." Alikuwa anavitupa kimoja kimoja miguuni mwa Mgiriki. "Kijana alijaribu mara moja. Angejaribu mara ishirini, angekipata yeye."

"Lakini gazeti linasema..."

"Mtu wa hesabu anahitaji kichwa na karatasi. Mimi nilihitaji kuona mikono ikikatika, mmoja mmoja, nijue inavyokatika. Hiyo haiji haraka. Na hao wakubwa wa kwenye gazeti, walipozeeka waliachwa kwenye jiliwa, au walipewa ofisi na kiti wakaacha kazi?"

Mgiriki akasukuma kijiti kimoja kwa kiatu.

"Halafu mimi si mzee wa kazi hii," babu akaendelea. "Nilikuwa muoka mikate Pangani mpaka nina hamsini. Chuma nimekishika miaka tisa."

Nikahesabu kwa vidole vyangu vilivyobaki vyote kumi. Mimi miaka minane. Tulikuwa rika moja, mimi na yule babu, na alinizidi mwaka.

Mgiriki akaokota kijiti kimoja, akakizungusha, akakitupa ukutani kikamkosa babu kwa inchi. "Jumatatu," akasema, "saa kumi na mbili, karakana." Akaondoka. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kusema baki.

Babu akafungua mkeka, akautandika pale pale ulipokuwa. Kisha akanirushia tupa, ikanipiga kwenye goti lile bovu.

"Kaa hapo. Tunavipunguza ncha vile vyako kumi na viwili, kimoja kimoja. Ukikosea nakupiga."

Nikakosea mara saba. Akanipiga mara saba.