Utosi wa Mama Mdogo

Mtu akinicheka mimi, nacheka naye. Ndivyo nilivyo, na saluni nzima kule Buyenzi wananijua hivyo. Lakini mtu akicheka kichwa cha mama aliyekaa kwenye kiti changu, hapo damu inanipanda, na ile ya siku ya dote, ya kutoa mahari, bado haijanishuka.

Mama mwenyewe alikuwa muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani. Miaka mingi alibeba beseni kichwani, asubuhi na jioni, na pale beseni lilipokuwa linakaa, juu kabisa utosini, nywele zilichoka zikaanza kuondoka. Zilizobaki ni chache na laini, ngozi inaonekana katikati yake. Pembeni, kwenye panja na kwenye mstari wa paji, mvi tupu. Beseni hilo ndilo lililomlea mtoto wa dada yake. Dada alikufa mtoto akiwa hajajua kutembea, na mama huyu, mama mdogo wake, akamchukua, akamnyonyesha kwa chupa, akamsomesha. Sasa mtoto amekuwa msichana, ameposwa, na watu wa mume wanakuja Musaga, nyumbani kwa mama huyu, kutoa dote.

Alikuja saluni akakaa, akafungua kitambaa polepole, kama mtu anayefungua kidonda.

"Mwanangu, angalia. Utaweza?"

"Nitaweza, mama. Tupake rangi?"

"Apana. Rangi ya mara ile iliniuma, nilijikuna mpaka nikalia. Patroni wako akasema tupumzishe kichwa."

Kweli, patroni, mwenye saluni, alisema hivyo, na mimi nilikuwepo. Ngozi ilikuwa imepona, lakini hakuna mtu mwenye akili angeirudishia rangi. Nikamwuliza sherehe ni lini. Akasema Jumamosi. Halafu akashika kitambaa chake kwa mikono miwili.

"Shangazi ya mutoto, dada ya baba yake, amesema nikitokea na kichwa hiki, yeye ndiye atapokea wageni. Mi nitakaa nyuma na wapishi. Anasema watu wa mume watafikiri mutoto anatoka kwenye ugonjwa."

Nilitaka kutupa kitana ukutani. Huyo shangazi wakati mtoto ana homa alikuwa wapi? Wakati wa karo? Sasa wanakuja wageni na Fanta ndipo anakumbuka kwamba ana mtoto! Lakini mama alikuwa ananiangalia kwenye kioo, anangoja jibu, basi nikameza hasira, nikamwambia: "Utakaa mbele, mama. Mimi nitakuja mwenyewe kukutengeneza, na nitabaki mpaka mwisho."

Mimi huwa naota saluni yangu, karibu na ziwa, yenye kioo kikubwa na pazia zito, ili mtu avue kitambaa bila kuangaliwa na wapita njia. Siku hiyo niliiongezea kitu kwenye ndoto: mlango wa nyuma, kwa kuwafukuzia mashangazi.

Jumamosi nilifika Musaga asubuhi na mkoba wangu. Nilimkuta mama ameshaoga, na mkononi ana kopo la mafuta ya nywele, amelifungua tayari.

"Weka chini, mama! Leo hakuna mafuta."

"Bila mafuta? Kwenye sherehe? Watu watasema nimetoka kulima."

Hiyo ndiyo shida yetu. Kwetu sherehe ni mafuta. Mtoto akienda kanisani anapakwa mpaka anang'aa kama sufuria. Lakini poda na sprei nilizoleta, za kufunika tu na kuoshwa usiku, hazipatani na mafuta hata kidogo. Nilimweleza huku nakausha nywele zake vizuri kwa taulo, halafu kwa mashine. Poda ya utosini ni vinyuzi vidogo mno vya rangi. Vinajishika kwenye nywele chache zilizopo, unywele mwembamba unaonekana mnene, na ngozi inapotea machoni. Pale ambapo hakuna unywele hata mmoja, vinyuzi havina pa kujishika. Mama bado alikuwa na nywele chache, ahimidiwe Mungu. Na kama kuna mafuta, poda inaganda vidonge vidonge, na sprei haikauki, inabaki pale inangoja shavu la mtu.

Nikachana kwanza, maana ukichana baadaye unaiondoa kazi yote. Nikanyunyiza poda nyeusi utosini, kidogo kidogo, nikigongagonga kopo kwa kidole, kisha nikapigapiga kwa kiganja ilale. Kwa mvi za pembeni nilitikisa sprei nyeusi ya mizizi, ile ya kufunika mvi zinapoota, nikafunika paji lake kwa karatasi, nikashika mkebe mbali kiasi, nikapuliza kwa kugusa tu, sio kumwaga. Ikakauka. Juu ya yote nikapiga laki ya kugandisha nywele, ishike. Nikachukua karatasi nyeupe, nikaipitisha kwenye panja lake taratibu, kuona kama inachuja. Ikatoka nyeupe.

Mama akajiangalia. Aligusa hewa karibu na utosi wake, bila kugusa utosi.

"Ukitoka jasho futa kwa kubonyeza, usisugue," nikamwambia. "Na usiku unaosha kwa shampuu, inatoka yote."

"Itoke tu. Mi naitaka leo."

Shangazi akaingia, akamzunguka kama mtu anayechagua mbuzi sokoni. "Ee," akasema. "Leo unafanana na mutu." Nilikuwa nafunga mkoba, nilivuta zipu mpaka ikakatika.

Wageni walifika. Wanaume walikaa mbele, upande wao na upande wetu, na ninyi mngewaona! Vipara vinang'aa kwenye jua linalopenya turubai, ndevu nyeupe, mzee mmoja ana nywele tatu zinazopeperuka. Hakuna aliyeambiwa akae na wapishi. Hakuna aliyefikiriwa kuwa na ugonjwa. Waliitwa wakubwa, wakaletewa bia kwanza.

Kisha wamama wakasalimiana. Kwetu salamu ya heshima si mkono tu: mnashikana mikono juu ya viwiko, mnaleta vichwa karibu, panja kwa panja, huku, huku, na tena huku. Mama yangu wa ndagala alikuwa amevaa imvutano ya rangi ya maziwa, ile nguo nyepesi inayofungwa begani. Mama wa bwana arusi, mwanamke mrefu mwenye nywele za rangi ya kahawa, akamkumbatia kwa furaha. Huku, huku, na tena huku. Walipoachana, kulikuwa na mstari wa kahawa kwenye panja la mama yangu, na mwingine begani, juu ya imvutano.

Shangazi aliuona kabla yangu. Akamshika mama mkono, akamvuta pembeni karibu na sufuria, na sauti yake haikuwa ndogo.

"Nilisema! Masizi haya! Umewachafulia wageni. Kaa huku, usitoke tena. Mi naenda kukaa kwenye kiti chako."

Na wasichana wawili waliokuwa wanaosha sahani wakacheka, mikono mdomoni.

Sikilizeni. Mimi nilipaka nyeusi. Ile ilikuwa kahawa! Mtu mwenye macho mawili angeona. Nikageuka kumtazama mama wa bwana arusi, nikaona amekaa na kitambaa cha mkononi amekibana kwenye panja lake, macho chini. Alijua. Aliona mwenzake anavutwa kwa ajili ya rangi yake yeye, na akakaa kimya. Miguu yangu ilikuwa tayari inaenda. Ningesimama katikati ya turubai niseme kwa sauti, wazee wote wasikie, kichwa cha nani kinachuja.

Mama akanikamata kwa nguo.

"Unaenda wapi?"

"Kusema ukweli!"

"Ukimusema, utakuwa umefanya nini? Watamucheka yeye sasa. Ni mama mukwe wa mutoto wangu. Kichwa chake na changu ni kimoja."

"Lakini kiti chako, mama!"

"Kiti changu ninakitaka," akasema, bado ameshika nguo yangu. "Ninakitaka sana. Sikitaki namna hiyo."

Akajifuta panja kwa kubonyeza, kama nilivyomfundisha, akakunja imvutano upande wa doa ndani. Kisha akatoka, akapita mbele ya shangazi aliyekuwa ameshakaa, akainama sikioni kwa mama wa bwana arusi. Yule mrefu akasimama mara moja. Wakaja wote wawili chumbani, na mimi nyuma yao na mkoba usiofungika.

Mlango ulipofungwa, mama mrefu akaanza kulia.

"Nisamehe, dada. Niliogopa. Nimeona wanakufukuza na nikaogopa."

Mimi bado nilikuwa nimenuna. Nikamwuliza, kwa sauti ambayo patroni angenifukuzia kazi: "Ulipaka mafuta kwanza?"

"Si lazima? Nywele bila mafuta zinakauka."

Mama yangu akaangua kicheko. Alicheka mpaka akakaa kitandani. "Huyu mutoto atakugombeza! Mimi alininyang'anya kopo!" Na yule mwingine akaanza kucheka na machozi yake usoni, na mimi, basi, uso wangu haukuweza kubaki umenuna peke yake.

Nilimfuta pembeni kote kwa pamba yenye maji na sabuni, mafuta na rangi vikatoka pamoja, pamba ikawa kama imechovywa kwenye kahawa. Chini yake mvi zilikuwa nyingi kuliko za mama yangu. Nikamkausha. Mimi nilikuwa na nyeusi tu, lakini yeye akafungua mkoba wake, na sprei yake mwenyewe ilikuwa humo, imefungwa ndani ya soksi ya mtoto. Nikapuliza kidogo, nikangoja, nikamalizia kwa laki yangu. Karatasi ikatoka nyeupe.

Walipotoka walikuwa wameshikana mikono. Mama mrefu hakukaa. Alisimama mbele ya shangazi akasema, kwa upole kabisa, "Dada, hapa ni pa mama wa mutoto. Sisi tutaongea na yeye." Shangazi akatazama huku na huku, kama kiti ndicho kilichosema. Akainuka.

Msitegemee nitasema aliomba msamaha. Hakuomba. Waliocheka kwenye sahani hawakuomba. Na mzee wa nywele tatu alipopewa nafasi ya kusema, alianza kwa kutukumbusha kwamba mvi ni heshima. Wanaume wote wakapiga makofi, na wamama wawili mbele yake, wamekaa wima, mvi zao zimefichwa chini ya rangi, wakapiga makofi pia. Nilikuwa nimesimama na wapishi. Nilitamani kumrushia kijiko.

Jioni wakaagana. Huku, huku, na tena huku. Nilikuwa nimekodolea macho bega la imvutano. Halikuongezeka doa.

Mama akanitazama kutoka mbali, juu ya vichwa vya watu, akapitisha kiganja hewani karibu na utosi wake, bila kuugusa.