Nafasi ya Ua Moja

Mama aliyenifundisha kazi ya maua, katika kibanda chake cha mbao pale Mususa, mjini Butembo, hakuwahi kumuuliza mteja anataka maua gani. Aliuliza swali moja tu, na wengine walidhani anawatania.

"Utamupatia mu mikono, ao utaiweka chini?"

Mteja akijibu kwamba atayaweka chini, mama alijua ni kaburi au jeneza, na mkono wake ulienda kwenye maua meupe. Akisema atampa mtu mkononi, aliuliza la pili: huyo mtu anafurahi, ao umemukosea? Anayefurahi alipata njano, rangi ya chungwa na nyekundu zilizokolea, kwa sababu shada la pongezi linapaswa kuonekana hata na mtu aliyekaa benchi la mwisho ukumbini. Aliyekosewa alipata rangi za upole, waridi iliyofifia na nyeupe kidogo, tena shada dogo. Mama alisema shada kubwa la kuomba radhi linamsifu mwombaji.

Nilimwona siku moja akimkatalia mwanamume mzima, mwenye koti na viatu vya kung'aa, aliyetaka mawaridi mekundu ya kumpelekea mke wake baada ya ugomvi.

"Papa, nyekundu itamuambia unamupenda. Ile anaijua. Mais pardon bado hajaisikia."

Yule bwana alitazama viatu vyake, kisha akachukua ya waridi iliyofifia. Juma lililofuata walikuja wawili, yeye na mkewe, kuagiza maua ya ubatizo. Mama alinikanyaga mguu chini ya meza.

Nilimpenda sana mama yule, na niseme wazi kwamba mpaka leo nikishika kisu cha maua najiona mwanafunzi. Maua yake meupe marefu, yale yanayofanana na faneli na kuota penye maji, yalishuka kutoka vilima vya Kipese kila alfajiri kwa pikipiki, yamefungwa katika majani ya mgomba. Hortensia, yale maua ya vishada vinene vya mviringo, zilimfikia kutoka huko huko, lakini za Kipese huja za buluu kwa sababu ya udongo wa kule. Za waridi alizipata kwa jirani yake mmoja, nyuma ya jiko, mahali ambapo kwa miaka na miaka watu wa nyumba ile walimwaga majivu. Alikuwa amegundua mwenyewe kwamba majivu yanageuza rangi ya ua, bila kitabu wala mwalimu. Zikinyauka njiani, alizizamisha vichwa ndani ya maji, na baada ya muda zikainuka tena.

Mimi nilikuwa na miezi sita tu katika kazi ile nilipofanya kosa langu.

Mume wa dada yangu mkubwa alifariki Beni. Wiki ile habari za barabara ya kwenda huko hazikuwa nzuri, magari yalikuwa yakivamiwa. Madereva walikuwa wakipita, lakini mume wangu alikataa kabisa nisafiri, nami nililia na kugombana naye hadi nikachoka. Nikasema basi, kama mimi sipiti, maua yangu yatapita. Mama wa kazi alikuwa amekwenda ibadani. Dereva aliyekubali kubeba alikuwa akipiga honi mbele ya mlango. Ndani ya ndoo kulikuwa na shada moja tu lililokwisha kufungwa, la mwanafunzi aliyekuwa amalize masomo yake siku ile, na sherehe ikaahirishwa. Lilikuwa la njano na rangi ya chungwa, limejaa yale maua yenye harufu kali ambayo wakulima hupanda kando ya mboga ili kufukuza wadudu. Mengine yalikuwa yamepita wakati wake, yameanza kukausha mbegu.

Nikafungua utepe wa dhahabu, nikafunga wa zambarau. Zambarau ni rangi ya msiba kanisani kwetu, na nilidhani utepe ndio unaosema. Nilijiona mwerevu sana. Nikampa dereva.

Jioni dada yangu alinipigia simu. Hakuwa akilia, na hilo ndilo lililoniogopesha.

"Umenitumia maua ya fête, ya sherehe," alisema. "Shangazi ya bwana yangu aliibeba mbele ya batu bote. Akasema, muone, bandugu ya mujane banamupongeza."

"Yaya," nikasema, kama tunavyomwita dada mkubwa kwetu, "niliweka ruban ya zambarau..."

"Ruban?" Akakata simu.

Anayejua jinsi mjane anavyotazamwa katika siku zile za kwanza, namna anavyokaa, namna anavyokula, machozi yake yanavyopimwa na ndugu za mume, hahitaji nieleze zaidi. Nilikuwa nimewapa watu wale kitu cha kushika mkononi. Dada yangu alikuwa amenilea tangu mama yetu alipofariki. Alinibeba mgongoni kwenda shambani. Tangu jioni ile hakupokea tena simu yangu. Nilipowatuma watu kumsalimia, walirudi wakisema ni mzima, basi.

Nilipomsimulia mama wa kazi, nilitarajia anifukuze. Aliendelea kuondoa majani ya chini kwenye mashina, maana jani likikaa ndani ya maji linaoza na kuozesha mengine.

"Ruban ni kama jina ku enveloppe," akasema mwishoni. "Mutu anasoma barua." Kisha akanipa kisu, niendelee na mashina.

Ulikuwa umepita karibu mwaka mzima tulipopata habari kwamba familia ya shemeji inatayarisha siku ya kumwondolea dada yangu nguo nyeusi. Barabara ilikuwa inapitika, na mume wangu, aliyejua kilichoniponza, alisema mwenyewe: nenda. Nilifika kazini mapema nikachagua maua meupe ya Kipese, mazuri kuliko yote, kumi na mawili. Nilitaka kumlipa dada yangu maua ya kilio ambayo hakuyapata.

Mama aliyatazama, akayarudisha kwenye ndoo moja moja.

"Hapana. Ile siku njo kilio inaisha. Yeye anatosha nguo nyeusi, anaivua, na weye unamuletea kaburi? Utamulilisha tena mara ya pili."

"Donc niweke njano? Anatoka mu deuil, mu kilio, ni furaha."

"Njano weye hapana gusa. Mu mikono yako njano iko na historia."

Nilikasirika, sitaficha. Nikamwambia basi afunge yeye, mimi nimechoka na rangi. Alicheka, akaniambia nikae nitazame. Na nilitazama, na hasira yangu ikayeyuka, kwa sababu sijawahi kuona mikono ikifikiri namna ile. Alianza na hortensia mbili za majivu, za waridi iliyofifia. Hizo ni pardon, akasema. Katikati akaingiza maua meupe matatu tu, mafupi, yasizidi mengine kimo, kwa ajili ya marehemu, maana naye asisahauliwe siku ya furaha ya mke wake. Pembeni akazungusha majani mabichi mengi. Kijani ni ya mtu anayeanza tena, akasema. Kila shina alililaza upande uleule, likavuka lenzake, hadi shada likasimama lenyewe mezani bila kushikwa.

Kisha akafanya jambo ambalo sikulielewa. Upande wa mbele, chini ya ua la kwanza jeupe, aliacha shimo. Pangeingia shina moja pale bila shida. Nilishika waridi dogo nikataka kuliziba, akanipiga vidole.

"Bouquet ya pardon hatuifunge yote. Mutu mwenye ulimukosea, naye anapaswa kuwa na mahali."

"Mais itaonekana haijaisha, Mama."

"Njo vile. Haijaisha."

Akafunga mashina kwa kitambaa chenye maji, na nailoni juu yake, nami nikalishika mapajani toka Butembo hadi Beni. Njia nzima nililiona lile shimo tu. Mara mbili nilitaka kumwomba dereva asimame nichume chochote kando ya njia, nilizibe.

Nilipofika, misa ilikuwa imekwisha na watu walikuwa wamekaa uani chini ya turubai. Dada yangu alikuwa katikati, amevaa kitenge kipya cha kijani, kichwa kimefungwa vizuri. Amekonda. Upande wake wa kulia alikaa yule shangazi wa mume, na wanawake wa upande ule waligeuza shingo waliponiona na maua mkononi. Naamini hakuna hata mmoja aliyekuwa amesahau.

Nilipiga magoti, nikampa kwa mikono miwili.

"Yaya, pardon. Nilikosa."

Alilipokea. Alilitazama kwa muda mrefu, nami nilitazama udongo. Nilisikia shangazi akisogea kwenye kiti ili aone vizuri. Kisha kidole cha dada yangu kikaingia ndani ya lile shimo.

"Hapa kumekosa kitu."

"Mama ya kazi njo aliacha vile. Alisema ni mahali yako."

Akasimama na shada lake, akazunguka nyuma ya jiko. Nilikuwa na hakika anakwenda kulitupa, na nikasema moyoni, kama ni kulitupa, angalau nilione likitupwa. Nikamfuata.

Kando ya ukuta, kutoka kona ya jiko hadi penye takataka, kulikuwa na mstari mnene wa maua ya njano na rangi ya chungwa. Harufu yake kali ilinifikia kabla sijaamini macho yangu.

"Ni zile zako," dada yangu alisema bila kugeuka. "Nilizitupa hapa na hasira. Mvua ikanyesha, zikaota. Nilikamata jembe mara mbili nizing'oe."

"Na juu ya nini ukaziacha?"

"Asubuhi nilikuwa nazikuta hapa, mingi, zinaniangalia. Batu ba kunisalimia balikuwa banapungua, zenyewe zinaongezeka." Akafuta pua kwa kitenge chake kipya. "Weye mujinga sana. Ruban!"

Tulicheka, kisha tukalia. Yeye aliinama, akayatazama moja moja bila haraka, akakata kwa kucha ua moja la njano lililofunguka vizuri. Akalipitisha ndani ya shimo. Likaenea kana kwamba mama wa Mususa alikuwa amelipima.

Nikamwambia, "Yaya, bale batu ba kule batasema tena."

"Baseme."

Akarudi uani, akakaa mahali pake karibu na shangazi wa mume wake, akaliweka shada mapajani, upande wenye njano ukiwaelekea watu wote. Kisha akanigeukia, mbele yao, kwa sauti ileile aliyokuwa akinituma nayo nilipokuwa mtoto, akaniambia niingie ndani, nitafute kopo, nilete maji ya kuwekea maua.