Mashimo ya Matofali

Nesta binti Sadoki alizaliwa kwenye vilima vya Itumba, mahali penye baridi ambapo watu huota moto hata mchana. Huko homa ya malaria ilijulikana kwa habari tu. Mtu alishuka bondeni kutafuta mpunga, akarudi anatetemeka, na majirani wakasema ameleta ugonjwa wa watu wa chini. Nesta alisoma shule ya misheni, akapata cheti cha ualimu, kisha akaolewa na Boazi, karani wa pamba na mpunga aliyepangiwa kazi Kamsamba.

Kamsamba kulikuwa na joto na mbu wengi. Mtoto wao wa kwanza aliishi msimu mmoja wa mvua. Alishikwa na homa asubuhi, jioni akaanza degedege, na kabla Boazi hajapata baiskeli ya kumpeleka zahanati, akafa. Wanawake wa jirani walimwambia Nesta kwamba hewa ya usiku ya bondeni haiwapendi watoto wa wageni. Hakuwabishia. Baadaye mganga wa zahanati ndiye aliyemweleza habari za mbu, naye alimsikiliza kwa uchungu, maana ndani ya nyumba yao kulikuwa na chandarua kilichokunjwa sandukuni, zawadi ya harusi ambayo waliiona ni pambo la Wazungu.

Boazi alipohamishiwa Tunduma, Nesta akapata kazi katika shule ya kati ya misheni, karibu na barabara kuu ya kwenda Rhodesia. Hiyo ilikuwa miaka michache baada ya vita vya Hitla. Malori yalikuwa mengi na mji ulikuwa unakua. Mwalimu mkuu, Fanueli Simkonda, alikuwa mtu mwadilifu na mwenye kupenda mambo yaende kwa utaratibu. Alimpa Nesta somo la afya, ambalo walimu wanaume hawakulitaka.

Mwaka ule misheni ilitangaza kwamba daktari wa wilaya angekuja kukagua shule, na kila darasa la juu liandae mabango ya kuelimisha watu. Mwalimu Fanueli aliagiza mabango ya malaria. Alitegemea kwamba wanafunzi wangechora picha nzuri na kuandika maneno machache ya kitabuni. Nesta alisema anaomba wiki tatu, kwa sababu alitaka watoto wajue wanachochora.

Alianza na ukweli wenyewe. Aliwaambia kwamba malaria haitokani na hewa ya usiku, wala kunyeshewa mvua, wala kula mahindi mabichi. Huletwa na kijidudu kidogo cha ndani ya damu, na anayekitoa kwa mgonjwa na kukipeleka kwa mzima ni mbu wa aina moja, jike peke yake, anayeuma usiku. Mgonjwa haugui siku ile ile aliyoumwa. Hupita wiki moja na zaidi, ndiyo maana watu hawaoni uhusiano. Aliwapeleka wanafunzi nje ya shule na chupa ya jamu, wakachota maji ya dimbwi. Ndani yake mlikuwa na viluwiluwi. Baadhi vilining'inia kichwa chini, vingine vililala sambamba na uso wa maji kama vijiti. Aliwaonyesha hivyo vya kulala: hao ndio watoto wa mbu wa malaria. Waliifunga chupa kwa kitambaa, na baada ya siku kadhaa mbu wakatoka, wakasimama kwenye kioo wakiwa wameinua mkia juu. Hata wanafunzi waliokuwa wakisinzia walisogea kutazama.

Kisha akawatuma mitaani wakaulize, nyumba kwa nyumba. Nani aliugua homa msimu wa mvua uliopita? Nani hulala kwenye chandarua? Maji yaliyotuama yako umbali gani na mlango? Siku ya kwanza ilikuwa ya aibu. Watu waliona watoto wanaandika, wakadhani ni hesabu ya kodi ya kichwa. Mama mmoja alisema nyumba ile haina mtu, huku amesimama mlangoni. Mwingine aliulizwa kama ana chandarua akasema anacho, ingawa hakuna aliyekiona.

Nesta alibadilisha mpango. Aliwakataza kuandika jina la mtu yeyote. Alimwomba kiongozi wa kila mtaa awatangulie kwa hodi. Aliwafundisha wasiulize, "Una chandarua, sivyo?" bali, "Jana usiku watoto walilala wapi?" Walipomaliza kuuliza, walishukuru, wakaeleza kwa nini wameuliza. Mambo yakawa mepesi. Watu wengine waliwakalisha na kuwapa viazi.

Majibu waliyaweka ubaoni. Nesta alichora ramani ya mtaa kwa chaki, na kila mwanafunzi akaja kuweka nukta nyekundu mahali penye nyumba iliyokuwa na mgonjwa wa homa. Nukta zilitawanyika huku na huku, lakini upande wa mashariki zilijazana. Upande huo ndiko kulikokuwa na mashimo yaliyochimbwa kutoa udongo wa matofali ya darasa jipya. Mvua ilikuwa imeyajaza maji, yakawa mapana, hayana kina, na jua linayapiga siku nzima. Maji ya chupa ya jamu yalikuwa yametoka huko huko.

Nesta aliwatahadharisha. Homa waliyoulizia huenda si malaria yote, kwa sababu hakuna aliyepimwa damu, na watu husahau. Waandike walichokiona, wasizidishe.

Kabla hawajachora, aliandika ubaoni jinsi atakavyotoa alama, akawataka wanakili. Jambo la kwanza ni ukweli: bango lisiseme lisilo sahihi. La pili, litumie kitu walichokipata kwenye uchunguzi wao. La tatu, mtu aliye ng'ambo ya barabara aweze kulielewa. La nne, limwambie mtu jambo moja analoweza kulifanya. Uzuri wa kuchora ulikuwa na alama pia, lakini chache kuliko hayo mengine. Kwa kila jambo alieleza kazi ya kutosha ikoje, na kazi nzuri ikoje, ili asije mtu akasema amependelewa.

Efraimu ndiye aliyekuwa mchoraji wa darasa. Bango lake lilikuwa la kuvutia kweli: mbu mkubwa mwenye miguu ya mistari, na mtoto amelala kitandani chini ya chandarua cheupe. Lakini chandarua kilining'inia juu ya godoro, mbu angeweza kuingia kwa chini, na chini yake aliandika, "Usinywe maji ya dimbwi, yana malaria." Ketrina, msichana mkimya aliyeishi upande wa mashariki, alichora mashimo matatu, nyumba pembeni yake zikiwa na nukta nyekundu, na watu wawili wenye majembe. Mistari yake ilipinda. Aliandika, "Tufukie mashimo. Homa iko nyingi karibu nayo."

Nesta alipanga mabango yote kwa vipimo vile vile. La Ketrina likawa la kwanza. Efraimu alikasirika, akasema kila mtu anaona lipi zuri. Nesta alimketisha akasoma naye jambo la kwanza, la ukweli. Efraimu alitazama chandarua chake akakubali kwamba yeye mwenyewe hajawahi kulala kwenye chandarua, alikiona kwenye picha tu.

Mwalimu Fanueli aliposikia, alimwita ofisini. Hakukasirikia alama. Aliogopa kitu kingine. Mashimo yale yalichimbwa na washirika wa kanisa, chini ya Mzee Nikodemo, ambaye ndiye aliyetoa ardhi yake na kufyatua matofali mengi kwa mikono yake. Bango lile mbele ya daktari lingeonekana kama kumshitaki mzee. Akamwomba Nesta aweke la Efraimu mbele.

Nesta alisema hatabadilisha alama alizowaahidi watoto, lakini pia hataki mzee aone jambo lile kwa mara ya kwanza mbele ya mgeni. Akaomba ruhusa aende kwake. Siku hiyo hiyo alikwenda, amebeba chupa ya jamu yenye maji mapya ya shimoni, na bango limekunjwa.

Mzee Nikodemo alimkaribisha kwa heshima, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Binti yangu, matofali yale ndiyo yaliyojenga darasa unalofundishia. Leo yamekuwa dhambi?"

"Hapana, tata," alisema Nesta, akimwita baba kwa lugha ya kwao. "Darasa ni jema. Sisi sote tulifanya bila kujua. Lakini sasa tumejua. Mimi niliwahi kuwa na mtoto Kamsamba, na chandarua tulikuwa nacho, kimekunjwa sandukuni. Tulikuwa hatujui. Ninyi mna wajukuu."

Mzee aliichukua chupa akaielekeza kwenye mwanga, akatazama viluwiluwi vilivyolala juu ya maji. Aliuliza vinachukua muda gani kuwa mbu. Nesta akamwambia, wakati wa joto, wiki moja hivi au zaidi kidogo. Mzee akasema mke wa mwanawe mdogo, anayeishi karibu na mashimo, amekuwa mgonjwa mara mbili tangu Krismasi, na mtoto wake naye.

"Lete bango lako," alisema. "Nitasimama nalo mwenyewe."

Daktari alipokuja, Mzee Nikodemo alikuwa pale, na bango la Ketrina lilitundikwa mbele, na la Efraimu, lililorekebishwa, chandarua kimechomekwa chini ya godoro na maneno ya maji ya dimbwi yamefutwa, pembeni yake. Daktari aliuliza maswali mengi juu ya nukta nyekundu. Alisema vilevile kama Nesta, kwamba hiyo si hesabu ya damu, lakini inatosha kumwambia mtu aanzie wapi.

Kazi yenyewe haikwenda kwa urahisi kama picha. Udongo wa kufukia mashimo yote haukupatikana. Wanaume walifukia moja, la pili walichimbia mfereji mpaka maji yakashuka makorongoni, na la tatu, ambalo fundi wa matofali bado alilihitaji, walimwagia oili chafu kutoka kwa madereva wa malori, kila wiki, ili viluwiluwi vikose pumzi. Watu wengine waliacha baada ya mwezi, mpaka Mzee Nikodemo alipopita nyumba kwa nyumba kuwakumbusha. Wachache walinunua vyandarua. Wengi hawakuweza, na Nesta aliwaambia basi kile kimoja kilichopo wakipe watoto wadogo na mama mjamzito, na anayeugua awahi zahanati akanywe dawa yote hadi mwisho, asigawe nusu kwa jirani.

Mwaka uliofuata wanafunzi wapya walirudia kuuliza maswali yale yale. Upande wa mashariki nukta zilipungua, ingawa hazikuisha. Zilionekana nyingine kando ya barabara, ambako malori yalikuwa yamechimba madimbwi kwa magurudumu. Nesta aliwaambia wanafunzi wachukue majembe, na Ketrina, aliyekuwa darasa la mbele yao sasa, ndiye aliyewaonyesha maji yapelekwe upande gani.