Nywele za Mama Yeshimebet

Hapa mjini Dessie, ukisema picha yako imepita mikononi mwa Asnaku, huna haja ya kuongeza neno. Mimi Belachew, fundi wa fremu na vioo, duka langu limepakana na studio yake mwaka wa ishirini na sita sasa, na nasema bila haya kwamba najivunia kazi ya mwanamke yule kuliko yangu. Alianza zamani za filamu, akisafisha nyuso za watu pichani kwa penseli iliyochongwa kama sindano. Kompyuta zilipokuja, wanaume wa studio walinuna. Yeye alivaa miwani, akaketi, akajifunza.

Fahari yake ilikuwa mstari safi. "Ukingo mchafu ni uvivu," alizoea kusema. Basi mstari huo huo ndio uliomwaibisha.

Fikirte alileta picha ya marehemu mama yake, Yeshimebet. Mama alinyoa kichwa kumlilia mumewe, na kabla nywele hazijaota naye akafariki. Picha pekee ya uzeeni mwake ilikuwa hiyo: amesimama mlangoni kwake na kipara chake, ua wa nyumba, mweupe kwa jua, ukiwaka nyuma yake.

"Siku ya arobaini ukoo wote utakuja," Fikirte alisema. "Sitaki wamwone amebeba msiba kichwani. Mrudishie nywele zake, Etiye, dada yangu. Zangu ni zake tupu, chukua hizi."

Asnaku akampiga Fikirte picha ndani, chini ya taa. Akazikata zile nywele kwenye kompyuta, akazibandika kichwani kwa mama, akazimwagia rangi ya mvi. Kesho yake Fikirte alipoiona alishika mdomo.

"Umemvika wigi!"

"Wigi gani? Si nywele zako hizo, mwanangu?"

"Mama hakuvaa wigi hata siku moja. Mama mdogo Zewditu akiiona hii atatoka nje. Afadhali kipara!" Akaondoka analia, na arobaini ilikuwa keshokutwa.

Nami, kwa mdomo wangu usio na breki, nikasema inafanana na kofia ya askari. Asnaku alinitazama mpaka nikatamani kumeza ulimi. Mchana kutwa hakula. Jina la miaka thelathini lilikuwa linaning'inia, na kilichomuumiza zaidi ni machozi ya yule binti.

Asubuhi Fikirte alirudi kuchukua picha yake. Alisimama mlangoni, hakutaka kuingia, jua likiwa mgongoni kwake.

"Hapo hapo! Usisogee!" Asnaku akapaza sauti. "Belachew, njoo. Niambie nywele zake zinaishia wapi."

Niliutafuta ukingo wake, sikuuona. Kwenye paji zilianza chache chache, ngozi ikionekana katikati yake. Upande wa nje mwanga wa barabara ulikuwa umeingia ndani ya nywele na kuulainisha ukingo wote.

"Sioni," nikasema.

"Hata mimi. Na mimi nimemchorea mama ukingo uliokatwa kama kwa wembe. Kaa, Fikirte. Leo huondoki na kipara."

Aliitoa ile mvi ya kumwaga, akaipaka upya kidogo kidogo, palipong'aa pakabaki kung'aa na penye giza pakabaki na giza. Akalainisha ukingo wa paji, zaidi kwenye panja, akatia kivuli chepesi chini yake. Vinywele alivyovifyeka kwa ajili ya usafi alivirudisha kimoja kimoja. Kisha akachukua weupe wa ua ule wa nyuma, akautia ukungu, akauleta juu ya ukingo wa nje wa nywele, ukififia kuelekea ndani. Mara ya kwanza ulizidi, kichwa kikawaka mduara mzima.

"Sasa umemfanya mtakatifu wa kanisani," nikasema.

"Nyamaza, fundi vioo!" Lakini alicheka, akaupunguza mpaka ukabaki uzi tu wa mwanga. Fikirte alitazama, akakiegemeza kichwa chake begani kwa Asnaku.

Siku ya arobaini picha ilisimama mezani, ndani ya fremu yangu. Zewditu, mdogo wa marehemu, aliingia na fimbo yake. Alisimama mbele ya picha muda mrefu, na Asnaku akanibana mkono hadi ukauma. Kisha bibi yule akalamba kidole, akakipitisha juu ya kioo, pale pajini, kama anayelaza kinywele kilichosimama.

"Hiki kilikuwa hakikubali kulala," alisema. "Tangu utotoni."

Akajaribu tena. Asnaku alilia mbele za watu, kichwa juu. Fikirte ameniletea ile fremu mara mbili tangu siku ile, nibadilishe kitanzi cha kutundikia. Kila mara nafuta vumbi pembeni mwa kioo, na pale pajini penye alama ya kidole cha Zewditu nauondoa mkono wangu.