Jina Nililolifuta Langoni

Binti yangu wa kwanza alizaliwa Garissa siku ya Jumamosi, mwaka ule ambao serikali iliwakusanya wafugaji katika vijiji vyenye uzio kwa sababu ya vita na waliotaka kujitenga. Nilikuwa mwalimu mpya, nimetoka chuo kikuu juzijuzi, wa kwanza katika ukoo wetu kufika huko, na nilikuwa na siku saba za kumpatia mtoto jina. Mtu mwingine angetumia siku moja. Mimi nilinunua daftari.

Sisi Wasomali humpa mtoto jina moja tu. Nyuma yake hufuata la baba, la babu, la baba wa babu, mpaka msemaji achoke kuhesabu. Majina hayo yote binti yangu alikuwa nayo tayari kabla hajalia. Lilibaki lile moja la mbele, na siku ya saba, akishachinjiwa mbuzi wa akika na kunyolewa nywele, lingetangazwa na kazi ingekwisha.

Nilichora safu tatu: maana, jamaa, masikio ya watu. Safu ya tatu ndiyo iliyoninyima usingizi. Jina siku zile lilipita midomoni mwa askari wa vizuizi, makarani na maafisa kutoka bara. Mtu aliyechelewa kuitika kwa kuwa jina lake limesomwa ovyo alionekana ana jambo anaficha.

Mke wangu alinisikiliza akiwa amelala na mtoto ubavuni, moshi wa manemane umejaa chumbani.

"Run," nilisoma. "Ukweli. Jina zuri, lakini kwa Kiingereza ni kimbia. Mama akimwita mwanawe karibu na kizuizi, halafu mtu akakimbia kweli?"

"Askari wale wanajua Kiingereza?"

"Afisa wao anajua. Hurriya je? Uhuru."

"Si wao wenyewe wanaimba uhuru kila siku?"

"Wataniuliza ni uhuru upi. Bishaaro, habari njema. Karani atasikia biashara."

"Basi atakuwa tajiri. Endelea."

Nilitaja jina la shangazi yangu. Akafumba macho. "Shangazi yako ana mdomo. Mtoto hufuata jina. Futa hilo."

Shuleni nilikuwa na mwenzangu kutoka Ukambani, mtu mpole. Nilimwomba asimame mwisho wa uwanja aite majina yaliyobaki kama anavyomwita mwanafunzi mtoro. Mengi yalinifikia yamebadilika sura. Amina lilifika zima.

"Hilo ni jepesi," alisema akirudi. "Ila kwetu kanisani mtoto huyu ataitwa kila sala ikiisha. Atachoka kuitika."

Hata hivyo nililiwekea alama. Lilikuwa jina la mama yake Mtume, maana yake mwaminifu, na hakuna mdomo ambao ungeliharibu. Nilijiona nimemaliza kazi kwa akili, nikaenda Jumatano kumwambia mama.

Mama yangu alikuwa mjane. Aliishi ndani ya mojawapo ya vile vijiji, nje kidogo ya mji, na mbuzi wachache waliosalia. Alinisikiliza nikieleza safu zangu zote tatu. Kisha akauliza, "Jina la mama yangu liko safu gani?"

Halikuwamo katika safu yoyote. Nililiacha makusudi.

Kijiji hicho kilipoanzishwa, miezi kadhaa kabla, shule zilikuwa zimefungwa nami nikachukuliwa kuwa mkalimani. Afisa alikaa mezani langoni, karani ubavuni pake, na foleni ya watu wetu ilikwenda mpaka kwenye vichaka. Nyanya yangu, mama mzazi wa mama, alipofika alitaja jina lake: Osob. Ndiyo yale majani mabichi yanayochipua mara tu mvua inyeshapo. Jina hilo huanza chini kabisa kooni, mahali ambapo lugha za bara hazifiki. Karani aliuliza mara mbili, mara tatu. Afisa akaanza kugongagonga meza. Jua lilikuwa kali, watoto wanalia, nami niliogopa kwamba huyu mzee atatolewa kando kuhojiwa.

"Andika Fatuma," nikasema.

Akaandikwa Fatuma. Kila asubuhi ya kuhesabiwa waliita Fatuma, na jirani alimgusa bega ili aitike. Alipofariki, mwanzoni mwa mvua, karani alipiga mstari juu ya Fatuma. Nilikuwa nimejiambia kwamba wazee hawakuelewa kilichotokea pale mezani.

"Aliniuliza," mama alisema. "Huyu Fatuma ni nani? Nikamwambia ni wewe, hooyo, mama yangu, mjukuu wako amekupa. Akacheka sana. Akasema, mwambie ahsante, lakini nina langu."



"Ninyi wanaume mna ukoo," aliendelea, bila hasira. "Mvulana wa miaka sita anataja baba ishirini, hakosei. Mama yangu yuko wapi katika hesabu hiyo? Jina la mwanamke hubebwa na msichana, au halibebwi."

"Hooyo, watu hawataweza kulitamka."

"Watajifunza. Wewe hukujifunza ya Waingereza?"

Nilirudi mjini nikiwaza hoja za kumjibu, na kila hoja ilikuwa na meza ile ndani yake. Nilimweleza mke wangu yote, hata la Fatuma, ambalo sikuwahi kumwambia mtu.  Kisha akaliita jina la Osob kwa sauti kuelekea zizi tupu, kama mtu anayemwita mchungaji aliye mbali.

"Linakwenda mbali," alisema. "Na mvua imenyesha kweli. Unatafuta nini tena?"

Mwalimu mwenzangu alilijaribu uwanjani. "Osobu."

"Litoe kooni. Kama unataka kukohoa, halafu ukaghairi."

Alijitahidi mpaka wanafunzi wakatoka darasani kuona nani amekabwa na mfupa. Jaribio la sita lilikuwa karibu sana, na alifurahi kuliko mimi.

Ijumaa mbuzi alichinjwa, akakatwa kwenye viungo bila kuvunjwa mfupa hata mmoja. Shehe alisoma dua, akaniuliza jina. Nililitamka kwa sauti kubwa kupita haja. Halafu nikafuatisha langu, la baba yangu, la babu yangu, na wazee wakaitikia kwa vichwa. Lilikaa vizuri mbele ya yale ya wanaume, kana kwamba lilikuwa likingojewa hapo. Mama hakuwapo, hakupewa kibali cha kutoka.

Mke wangu alipomaliza arobaini tulimpeleka mtoto kwa mama. Kila anayeingia kijijini lazima aandikwe, hata mchanga. Karani alikuwa yule yule.

"Jina la mtoto, mwalimu?"

"Osob."

"Nini?"

Nikalirudia. Nyuma yetu foleni ilikuwa inakua. Aliinua kalamu, akanitazama kwa wema kabisa. "Tuandike Fatuma? Kama siku ile?"



"Hapana," nikasema. "Andika hilo. Nitakutajia mpaka ulipate, sina haraka."

Nilimtajia mara nne. Aliuliza maana yake, nikamwambia, naye akatazama nje ya lango, ambako nchi yote ilikuwa imegeuka kijani. "Aa," alisema, "ndiyo haya." Akaandika taratibu. Kisha, ili ahakikishe, akalisoma kwa sauti kama anavyosoma orodha ya asubuhi, na safari hii lilitoka kooni.

Mama alikuwa amesimama upande wa pili wa uzio, mikono imeshika seng'enge. Aliposikia jina la mama yake likisomwa langoni pale, na karani yule yule, alijinyoosha.

"Yupo," akaitika.