Msiba Usiotaja Marehemu

Mimi nilisoma hadi darasa la nne, nikatolewa kuchunga ng'ombe wa baba. Kiingereza sikijui na sijawahi kukililia. Lakini siku moja nilisahihisha barua ya Kiingereza, na karani mwenye cheti chake aliandika nilichomwambia. Wajukuu zangu wakicheka, nawaambia wacheke tu, ila wakae wasikilize.

Miaka ile viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinachipuka Mwanza kama uyoga. Mimi nilikuwa katika kimoja cha Nyakato, meza ya tatu, kisu mkononi, buti za mpira, miguu kwenye maji ya barafu tangu asubuhi. Msimamizi wetu alikuwa dada mmoja wa Mara, msomi, umri wa binti yangu wa pili. Hakuwahi kuniamkia. Alikuwa akipita na karatasi yake anasema, "Meza ya tatu, mnachelewa." Jina langu kwake lilikuwa meza ya tatu.

Na mimi na yeye tulikuwa na kisa. Shemeji yangu alipofariki nilimtuma jirani aje kiwandani aseme kwa mdomo kwamba nimefiwa. Niliporudi nikakuta nimeandikwa mtoro. Nilipomfuata, akaniambia bila kuinua macho, "Mama, taarifa ni ya maandishi." Nikameza. Lakini sikusahau.

Basi kiwanda kikampeleka Nairobi kwenye mafunzo ya usafi wa samaki. Alhamisi moja, saa ya chai, karani akatoka ofisini na karatasi mbili na pini. Ofisi ilikuwa imeingiza kompyuta mwaka ule, na barua zilikuwa zinafika humo bila bahasha. Wenyewe wanaziita imeili. Karatasi moja ilikuwa barua ya yule dada kwa Kiingereza, ya pili tafsiri yake. Meneja, ambaye ni mtu wa nje, alikuwa amemwagiza aitafsiri na kuibandika.

Akatusomea kwanza. Nayakumbuka maneno yale kwa sababu yalinikera: "Ndugu wafanyakazi, ninajuta kuwataarifu kwamba sitakuwa na uwezo wa kuripoti kazini kuanzia Jumatatu, kutokana na kufiwa ndani ya familia yangu ya karibu. Ninaomba radhi kwa usumbufu wowote ambao jambo hili linaweza kusababisha. Asanteni kwa uelewa wenu."

Mwenzangu wa meza ya pili akasema, "Anajuta nini, kwani amemuua yeye?"

Wakaangua kicheko.

"Amefiwa na nani?"

"Hajasema. Labda ni paka."

"Ndiyo ujue hatutaki. Angetutaka angetuambia msiba uko wapi."

Hapo ndipo nilipoacha kucheka. Kwetu mtu akifiwa anataja aliyefariki na anataja mahali, ili watu wajue pa kwenda. Asiyetaja amefunga mlango. Na wale wanawake walikuwa wamekwisha kuusikia mlango ukifungwa. Ikibandikwa ile karatasi, yule dada angezika bila hata mmoja wetu kumshika mkono, na angerudi kusimamia watu ambao hawangemsamehe, wala yeye hangejua kosa lake.

Nikamwambia karani, "Usibandike hiyo."

"Mama, nimetafsiri neno kwa neno. Hakuna kosa."

"Ndiyo ubaya wake. Hebu nisomee ya Kiingereza polepole, uniambie kila mstari unataka nini, siyo unasema nini."

Akaguna, lakini akakaa kwenye kreti. Alikuwa na kiburi cha cheti, ila hakuwa mtu mbaya. Akanieleza kwamba kule kwenye Kiingereza "kujuta" ni adabu tu, namna ya kuingia kwenye habari mbaya. Nikamwambia sisi adabu ya kuingia ni salamu, aanze na salamu. "Kuripoti kazini" nikamwambia "sitakuwapo" inatosha. Usumbufu, nikamuuliza ni usumbufu gani. Akasema maana yake mtafanya kazi yake naye hayupo. "Basi aseme hivyo. Aseme mnisamehe, nawaachia mzigo wangu. Msiba hauombewi radhi." Na ule uelewa? Akakuna kichwa, akasema ni kushukuru tu mwishoni. Nikasema shukrani iende kwa watu watakaoshika kazi yake.

"Na familia ya karibu ni nani?"

"Hakuandika. Kwa Kiingereza mtu anaruhusiwa kunyamaza, ni heshima, hawamchimbi."

"Sisi tukinyamaza ni matusi."

"Siwezi kuongeza asichoandika, mama. Hapo nitakuwa nimetunga."

Alisema kweli, na nilimheshimu kwa hilo. "Usitunge," nikamwambia. "Muulize."

Simu ya Nairobi ilikuwa ya ofisini na ilitaka ruhusa. Nikaingia na buti zangu zenye magamba hadi kwenye zulia la meneja. Karani akamweleza. Meneja akatazama buti, akatazama zulia, akasukuma simu. Nadhani alitaka nitoke haraka.

Tulimpata. Basi lake lilikuwa la jioni. Karani akamuuliza kama angependa wenzake waambiwe aliyefariki ni nani na mazishi ni wapi, kwa sababu hakutaja. Nilimsikia akiuliza, "Nani anataka kujua?"

"Mama wa meza ya tatu."

Karani akaanza kuandika, huku akisema, "Ndiyo. Ndiyo, dada. Pole sana."

Alipoweka simu alisema, "Ni mama yake. Anasema hakudhani mngependa kujua."

Tukaandika upya palepale, mimi nikisema, yeye akinyoosha. Ikatoka hivi: "Mama zangu shikamooni, na wenzangu wote habari za kazi. Nimepata msiba. Mama yangu mzazi amefariki, na tutamzika Jumamosi nyumbani kwetu, ufukweni, mbele ya Bunda. Kwa hiyo kuanzia Jumatatu sitakuwapo kazini hadi tumalize matanga. Mnisamehe kwa kuwaachia mzigo wangu. Nawashukuru ninyi mtakaonishikia kazi."

Karani akampigia tena, akamsomea yote, maana jina lake ndilo lingekaa chini. Akakubali, ila akaomba pale pa "mama zangu" pasiondolewe. Hakuna aliyekuwa amefikiria kupaondoa.

Meneja akaishika, akauliza mbona imerefuka kuliko ile ya Kiingereza. Nikamwambia karani, "Mwambie kwetu salamu inachukua nafasi." Sijui alimwambia nini. Ikabandikwa.

Yule wa meza ya pili, aliyesema paka, ndiye aliyekuwa wa kwanza kupitisha beseni la kuchangia unga na maharage. Hakumwangalia mtu usoni.

Jumamosi tusiokuwa na zamu tulipanda basi Buzuruga kabla ya jua, wanawake kumi na mmoja, harufu ya sangara haijatutoka. Njiani mmoja akaniuliza, "Wewe si alikuandika mtoro? Unamwendea nini?"

"Namwendea mama yake," nikasema. "Mama yake hakuniandika."

Tulimkuta ameketi chini kwenye mkeka, amefunga khanga kiunoni kama mtu yeyote. Alipotuona tunaingia uani kwa mstari, na magunia kichwani, alisimama. Akatutazama mmoja mmoja, kisha akanijia mimi. Akapiga goti, mbele ya shangazi zake wote.

"Shikamoo, mama."

Nilimwacha akae pale kidogo. Siyo kwa ubaya. Nilikuwa nimeingoja miaka miwili, na mtu akiletewa chake anakitazama kwanza. Kisha nikamshika mikono yote miwili, nikamwinua.

"Marahaba, mwanangu. Pole. Sasa nionyeshe jiko liko wapi."